Geti la mota kwenye vilima vya Kigali: mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipa

KIGALI — Miongoni mwa bidhaa zinazovuka mipaka ya Rusumo na Gatuna kuelekea mji mkuu wa Rwanda, mota za mageti ya kuteleza hazichukui nafasi kubwa katika lori. Katoni moja yaweza kubebwa na mtu mmoja. Zipo zinazotengenezwa Italia na kupita Dubai, zipo za Afrika Kusini, na nyingi zinatoka China na kuteremshwa Mombasa au Dar es Salaam. Mfanyabiashara huzinunua Nairobi au Kariakoo, akazifikisha Kigali, na huko fundi wa vyuma huko Gisozi au kwingineko huzifunga kwenye geti alilolichomelea mwenyewe.

Hapo ndipo tofauti kati ya Kigali na miji mingine ya kanda inapoanza kuonekana. Dar es Salaam imekaa tambarare kwa sehemu kubwa. Kigali imejengwa juu ya vilima na mabonde, na kiwanja kilichonyooka ni cha kutafuta. Mota iliyofanya kazi bila malalamiko Kariakoo yaweza kuleta kesi ikifungwa kwenye mteremko wa Kicukiro au Nyarugenge, ingawa ni mota ileile na geti lina uzito uleule.

Sababu yake ni mvuto wa ardhi. Mvuto huo unagusa sehemu tatu ambazo ndizo roho ya mota ya geti: swichi za kikomo zinazoiambia mota mahali pa kusimama, mfumo wa kutambua kizuizi unaoizuia isimbane mtu au gari, na kifungulio cha mkono kinachotumika umeme ukikatika. Anayeuza mota, na anayeinunua kwa ajili ya ghala lake, akizielewa sehemu hizo tatu atajua kwa nini mzigo mmoja hurudishwa dukani na mwingine haurudi.

Namna geti linavyosukumwa

Geti la kuteleza hutembea kwa magurudumu juu ya reli ya chuma. Pembeni yake, kwa urefu wote, hufungwa mwamba wenye meno. Mota imesimama juu ya bamba lililofungwa kwenye zege, na gurudumu lake dogo la meno hushikana na meno ya mwamba ule. Gurudumu likizunguka, geti linatembea. Mota nyingi za aina hii husogeza geti kwa takriban mita 10 kwa dakika, yaani mlango wa mita 5 hufungwa kwa nusu dakika hivi.

Jambo la kwanza la kukagua ni nafasi kati ya meno ya gurudumu na meno ya mwamba. Inatakiwa ibaki milimita 1 hadi 2, ili uzito wa geti ukae kwenye reli na usiukalie mhimili wa mota. Mafundi wenye haraka hulaza mwamba juu ya gurudumu na kukaza bolti. Siku ya kwanza geti linatembea vizuri. Baada ya miezi kadhaa magurudumu ya geti yanalika kidogo, geti linashuka, na kilo mia kadhaa zinaanza kuegemea mota iliyoundwa kusukuma tu, si kubeba. Mlio wa kusaga unaosikika kila geti linapopita sehemu ileile ndio dalili yake.

Uwezo ulioandikwa kwenye katoni, kwa mfano kilo 600, unahusu geti lililo kwenye reli iliyonyooka na yenye magurudumu mazuri. Hauhusu mlima. Hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

Hesabu ya mteremko

Chukua geti la ghala lenye uzito wa kilo 400. Kwenye reli tambarare, safi, yenye magurudumu yenye beringi, nguvu inayohitajika kulisogeza ni sehemu ndogo ya uzito wake. Tuseme ni asilimia 3. Hiyo ni sawa na kuvuta kilo 12. Mlinzi, ambaye Kigali huitwa umuzamu, analisukuma kwa mkono mmoja.

Sasa ilaze reli ileile kwenye mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita moja. Mteremko huo ni mdogo kiasi kwamba macho yanaweza kuupuuza. Lakini asilimia 5 ya kilo 400 ni kilo 20, na hizo ndizo zinazolivuta geti kuelekea chini muda wote. Kulipandisha kunahitaji kilo 12 za msuguano pamoja na kilo 20 za mteremko, jumla kilo 32. Kulishusha hakuhitaji chochote: mteremko unavuta kwa kilo 20, msuguano unazuia kwa kilo 12, na zinazobaki ni kilo 8 zinazolifanya geti litake kukimbia lenyewe.

Mota ileile sasa ina kazi mbili tofauti. Kwenda juu inavuta kwa nguvu karibu mara tatu ya ile ya tambarare. Kwenda chini inageuka kuwa breki. Kila kasoro itakayoelezwa hapa chini inatokana na tofauti hiyo ya kwenda na kurudi.

Mnunuzi hahitaji mhandisi ili aipime. Mizani ya ndoano, ile inayotumika buchani au kupimia magunia, inatosha. Mota ikishaachishwa geti, ndoano inafungwa kwenye geti na kuvutwa taratibu upande mmoja, kisha upande wa pili. Namba mbili zikikaribiana, reli imenyooka. Zikitofautiana sana, tatizo liko kwenye reli, na mota yenye nguvu zaidi haitaliondoa.

Kikomo husimamisha mota, chuma husimamisha geti

Swichi za kikomo, ambazo mafundi wengi huziita limiti, ni mbili: moja ya kufungua na moja ya kufunga. Kwenye mota nyingi za sasa ni za sumaku. Sumaku mbili hufungwa kwenye mwamba wa meno, moja kila mwisho, na ndani ya mota kuna kihisio kinachozitambua zinapopita. Mota nyingine zina kijiti chenye springi kinachosukumwa na kibati kilichofungwa kwenye mwamba. Namna zote mbili zina ujumbe mmoja kwa bodi ya umeme: umefika, simama.

Kuna jambo moja ambalo mteremko hulifichua upesi. Kusimama kwa mota hakumaanishi kusimama kwa geti. Geti zito linalokwenda mita 10 kwa dakika hupita kama sentimita 17 kila sekunde, na likikatiwa nguvu linaendelea kidogo kabla ya kutulia. Likipanda, linasimama haraka. Likishuka, linakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo sumaku ya upande wa chini lazima iwekwe mapema kuliko ya upande wa juu, na kila moja ijaribiwe peke yake hadi geti litulie sentimita 2 au 3 kabla ya kugusa kizuizi cha mwisho. Bodi zenye uwezo wa kupunguza mwendo katika nusu mita ya mwisho hurahisisha sana kazi hiyo, na hiyo ni sababu nzuri ya kulipia zaidi katika mji wa vilima.

Kizuizi cha mwisho ni kipande cha chuma kilichochomelewa au kufungwa kwenye reli au kwenye zege, kila upande, chenye uwezo wa kulisimamisha geti lenyewe. Si sehemu ya katoni. Ni kazi ya fundi wa vyuma. Bila hicho, siku swichi ya kufungua itakaposhindwa, geti litaendelea hadi mwamba wa meno uishe, litoke kwenye roli za juu zinazolishikilia lisianguke, na kilo 400 zilale chini. Atakayekuwa amesimama pale ni mlinzi au mtoto wa jirani. Kwa hiyo vizuizi vya chuma hukaguliwa kabla ya mota kuunganishwa umeme, na mnunuzi ana haki ya kukataa kupokea kazi isiyo navyo.

Kosa lingine la siku ya kwanza ni mota kuzunguka kinyume, yaani bodi inadhani inafungua kumbe inafunga. Hapo swichi zinakuwa zimebadilishana zamu na hakuna inayosimamisha geti mahali pake. Jaribio la kulibaini ni rahisi. Geti huachishwa mota, husukumwa hadi katikati ya njia, kisha hurudishwa kwenye mota. Amri ya kwanza hutolewa kwa rimoti huku mkono mwingine ukiwa tayari kuzima swichi kuu ya umeme. Geti likienda upande usiotarajiwa, kuna mita mbili na nusu za kulisimamisha kabla halijagonga.

Geti linalofunga kisha kufunguka lenyewe

Kasoro inayoleta ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mteja ina sura hii. Geti linafunga, linagusa nguzo, linatulia kidogo, kisha linarudi na kufunguka. Mteja anadhani rimoti yake imenakiliwa na wezi, au bodi imeungua, na anadai mota mpya.

Mara nyingi bodi haina kosa lolote. Kinachotokea ni kwamba sumaku ya kufunga haikutambuliwa. Bodi haikuambiwa kwamba imefika, kwa hiyo geti lilipogonga nguzo, bodi ilihesabu kwamba limekutana na kizuizi njiani, na ikafanya kile ilichofundishwa: kurudi nyuma. Mfumo wa kutambua kizuizi umefanya kazi yake sawasawa. Kilichoshindwa ni kikomo.

Ukaguzi wake unafuata hatua. Kwanza umeme unazimwa, geti linaachishwa mota na kusukumwa kwa mkono hadi mwisho. Likikwama sehemu fulani, kuna kokoto au tope kwenye reli, jambo la kawaida Kigali katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba. Likienda bila kukwama, linarudishwa kwenye mota, umeme unawashwa, na kifuniko kinafunguliwa. Bodi nyingi zina taa ndogo kwa kila swichi ya kikomo, ambayo hubadilika sumaku inapopita. Taa isipobadilika, sumaku imelegea na kusogea, au imekuwa mbali mno na kihisio kwa sababu mwamba umepinda. Marekebisho ni bisibisi na dakika kumi.

Hatari iko kwenye marekebisho ya mkato. Bodi ina kitufe cha kuzungusha au mpangilio unaoongeza nguvu ya mota kabla haijakubali kwamba imekutana na kizuizi. Fundi asiyetaka kutafuta chanzo huongeza nguvu hiyo hadi geti liache kurudi. Sasa geti linasukuma nguzo hadi muda wa bodi uishe, mota inapata joto, na malalamiko yanaisha kwa wiki chache. Lakini geti lile halitambui tena mtu. Limegeuzwa kuwa mashine ya kubana.

Kilo arobaini

Viwango vya Ulaya vya mageti ya mota, vinavyojulikana kwa namba EN 12453, vimeweka kipimo kinachokumbukika. Geti linapombana mtu katika uwazi ulio chini ya nusu mita, msukumo wake hautakiwi kuzidi nyutoni 400, ambazo ni kama kilo 40, na hata hizo zisidumu zaidi ya robo tatu ya sekunde. Baada ya hapo lazima ushuke chini ya nyutoni 150, yaani kilo 15 hivi, kisha uachie.

Umuhimu wa namba hizo ulionekana Uingereza mwaka 2010, pale watoto wawili, mmoja wa miaka 5 katika mji wa Bridgend huko Wales na mwingine wa miaka 6 jijini Manchester, walipokufa ndani ya wiki moja kwa kubanwa na mageti ya umeme. Mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ilitoa maonyo mwaka huohuo kwa mafundi na wenye mageti: nguvu ya geti ipimwe, isikadiriwe.

Turudi kwenye geti letu la kilo 400 juu ya mteremko. Ili lipande bila kusita, fundi anahitaji kuruhusu mota isukume zaidi ya zile kilo 32, na akiongeza akiba kidogo anaweka 45. Geti likipanda na kumkuta mtu, kilo 32 kati ya 45 zinaliwa na mlima na msuguano, na mtu anapata 13 tu. Lakini likishuka, mlima uko upande wa mota. Kilo 45 za mota zinaongezewa kilo 8 za mteremko, na aliyebanwa anapata 53, bila kuhesabu kishindo cha kwanza cha geti lililo kwenye mwendo. Mpangilio mmoja, geti moja, na upande mmoja ni salama huku upande wa pili umevuka kipimo.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ya kwanza ni bodi inayokubali kuwekewa nguvu tofauti ya kufungua na ya kufunga. Bodi za mota za umeme wa moja kwa moja, za volti 12 au 24, kwa kawaida hupima umeme unaovutwa na mota au kuhesabu mizunguko yake, na nyingi zina mpangilio huo. Mota za bei ya chini za volti 230 mara nyingi hazina kipimo chochote cha kizuizi ndani yake. Zinategemea vifaa vya nje. Hili ni swali la kumwuliza muuzaji wa jumla kabla ya kulipa, na jibu litafutwe kwenye kijitabu, si kwenye picha ya katoni.

Njia ya pili ni kutotegemea msukumo peke yake. Viwango vya Marekani, UL 325, tangu mwaka 2016 vinadai njia mbili zinazojitegemea za kuzuia mtu kubanwa, katika kila upande wenye hatari hiyo. Moja yaweza kuwa ile ya ndani ya mota. Nyingine ni jozi ya fotoseli, yale macho mawili yanayotazamana kwa mwali usioonekana, au mpira wa usalama unaofungwa kwenye ukingo wa geti na kulisimamisha unapobonyezwa.

Macho hayaoni kila kitu

Wenye maghala wana sababu yao ya pekee ya kuyachunguza macho hayo. Jozi moja iliyofungwa nusu mita kutoka ardhini inatosha kwa gari dogo na kwa mtu anayetembea. Lakini trela inapopita, kati ya ekseli za mbele na za nyuma kuna nafasi tupu, na mwali unapita chini ya bodi ya trela kana kwamba njia ni nyeupe. Ikiwa geti limewekwa lijifunge lenyewe baada ya sekunde kadhaa, litaanza kufunga wakati nusu ya mzigo bado iko barabarani. Maghala yanayopokea malori yanahitaji jozi ya pili kwa urefu wa bodi ya trela, au waya wa kutambua chuma unaozikwa ardhini, au basi kazi ya kujifunga izimwe kabisa na mlinzi afunge kwa kitufe huku akiliona geti.

Kuna udanganyifu mmoja ambao mnunuzi anaweza kuubaini kwa dakika moja. Fotoseli zikipata tope, zikisogezwa na kibanda kilichogongwa, au mchwa na mijusi wakiingia ndani, bodi hukataa kufunga geti. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fundi akiitwa usiku huchukua kipande kifupi cha waya na kuunganisha zile nati mbili za fotoseli kwenye bodi. Bodi sasa inaamini kwamba njia iko wazi milele. Geti linafunga, mteja anashukuru, na macho yamekuwa pambo. Jaribio ni kuliamuru geti lifunge na kukata mwali kwa ufagio wenye mpini mrefu. Geti lazima lisimame au lirudi. Lisipofanya hivyo, kifuniko kifunguliwe na waya utafutwe.

Kwa msukumo wenyewe, jaribio la mwanzo hufanywa kwa ubao uliosimamishwa mbele ya nguzo, kamwe si kwa mkono wala mguu. Mizani ya kupimia uzito wa mwili ikiegemezwa kwenye ubao huo itatoa picha ya karibu. Ikisoma zaidi ya 40, mpangilio urekebishwe kabla ya mtu yeyote kupita. Mizani ya nyumbani ni nzito kusoma kishindo cha mwanzo, kwa hiyo haichukui nafasi ya kipimo cha kitaalamu. Inachofanya ni kukamata makosa makubwa.

Ufunguo mdogo unaosahaulika

Sehemu ya tatu ni kifungulio cha mkono. Ni kijiti au kitasa chenye ufunguo wake, upande wa mbele wa mota, kinacholiachisha gurudumu la meno ili geti lisukumwe kwa mikono. Kwenye tambarare kinatumika bila mawazo. Kwenye mteremko kina sheria zake.

Mota iliyosimama hushikilia geti kwa sababu giya zake za skrubu haziwezi kuzungushwa kutoka upande wa geti. Ukifungua kifungulio, umeondoa breki pekee iliyokuwepo. Geti letu la kilo 400 lina kilo 8 zinazolivuta chini, na litaanza kutembea, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Anayeligeuza kitasa huwa ameinama mbele ya mota, mara nyingi gizani, umeme ukiwa umekatika. Kiwango cha Marekani cha utengenezaji wa mageti, ASTM F2200, kinasema wazi kwamba geti halitakiwi kuanza kutembea kwa mvuto wa ardhi pale mota inapoachishwa. Kwa lugha ya fundi wa Kigali, reli inyooshwe kwa zege, hata ikibidi kuinua upande mmoja na kufuata mteremko wa barabara kwa kuongeza bati la chini la geti. Gharama ya mifuko michache ya saruji huondoa kwa mara moja matatizo yote matatu yaliyoelezwa hapa.

Pale ambapo reli imeshamwagwa na haiwezi kurekebishwa, utaratibu ni huu: umeme unazimwa kwanza, ili geti lisianze kusukumwa na mota ukirudi ghafla, kabari ya mbao inawekwa chini ya gurudumu la geti upande wa chini, ndipo kifungulio kinageuzwa, mtu akiwa amesimama upande wa juu wa geti au pembeni, kamwe si kwenye njia yake. Baada ya kulisogeza, kifungulio kinarudishwa na geti linasukumwa kidogo hadi meno yashikane na mlio usikike. Geti lililoachwa bila kushikwa halina kufuli. Mtu yeyote barabarani anaweza kulifungua kwa bega, au likajifungua lenyewe.

Umeme ukirudi, bodi nyingi hazijui tena geti liko wapi. Safari ya kwanza huenda polepole ikitafuta sumaku, na hilo si kosa. Mlinzi asiyeambiwa atabonyeza rimoti mara tano na kuliacha katikati.

Funguo za kifungulio huja mbili kwenye katoni. Katika majengo mengi zote mbili huishia kwenye droo ya mwenye mali, ambaye wakati wa hitilafu yuko Nairobi au Bujumbura. Moja ikae kwa mlinzi wa zamu, ndani ya uzio, na ajaribu kuitumia angalau mara moja mchana. Ghala lenye mlango mmoja tu linahitaji pia njia ya kuachisha mota kutoka nje, kwa sababu moto ukizuka ndani na nyaya zikiungua, wazima moto watakuta geti lililofungwa na mota iliyokufa.

Kwa anayevusha mpaka

Mfanyabiashara anayechukua katoni hizi Nairobi, Dar es Salaam au Dubai anafaidika kuifungua moja kabla ya kulipia ishirini. Ndani anatafuta bamba la msingi na bolti zake, sumaku mbili au vibati viwili vya kikomo, funguo mbili za kifungulio, rimoti, na kijitabu. Mwamba wa meno huuzwa kwa mita, mara nyingi kando, na fotoseli huachwa nje ya katoni za bei nafuu. Mteja wa Kigali asiyeambiwa hilo ataona ameuziwa nusu ya bidhaa. Ukubwa wa meno pia ulingane: mota nyingi hutumia moduli 4, ambapo umbali kati ya jino na jino ni milimita 12.6 hivi. Mwamba wa moduli nyingine hautashikana sawasawa hata fundi akirekebisha vipi.

Rimoti nazo ni vifaa vya redio. Zinazotumika sana katika ukanda huu ni za megahezi 433.92, na nchini Rwanda mamlaka inayoidhinisha vifaa vya redio ni RURA. Katoni zenye rimoti za megahezi 315, zilizotengenezwa kwa masoko mengine, ni bora zibaki kwa muuzaji.

Kuhusu forodha, ipo dhana kwamba mzigo mdogo ulionunuliwa ndani ya Jumuiya hupita kwa utaratibu rahisi wa biashara ndogo. Utaratibu huo, wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa katika nchi wanachama na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mota ya China iliyonunuliwa Nairobi bado ni mota ya China, na risiti ya duka la Nairobi haibadilishi asili yake. Hesabu ya bei ifanywe na wakala kabla lori halijaondoka.

Mzigo unaorudi ndio unaokula faida. Mota iliyodaiwa mbovu ikisafirishwa kutoka Kigali hadi Mombasa au Dar es Salaam kwa ajili ya dhamana, nauli na siku zinazopotea zinaweza kuzidi bei yake, na huko ikakutwa nzima. Muuzaji anayeambatanisha karatasi moja ya Kiswahili au Kinyarwanda yenye majaribio manne atajiepusha na safari nyingi za namna hiyo: mizani ya ndoano kwenye geti lililoachishwa, taa ya kikomo kwenye bodi, ufagio mbele ya fotoseli, na ubao mbele ya nguzo. Fundi na mteja wayafanye pamoja, watie sahihi na tarehe, na nakala moja ibaki dukani. Geti likianza kurudi lenyewe mvua zijazo, mazungumzo yataanza na sumaku iliyolegea kabla ya mtu yeyote kutaja mota mpya.